Milioni 450 ukiwa na miaka 48: tuujaribu huu mpango kwa Excel

*"Habari kaka. Nina miaka 35, niko Dar, mshahara mkononi 2,400,000, natumia 1,500,000 kwa mwezi, 900,000 inayobaki yote naweka. Mpaka sasa nina milioni 40, nyingi ziko kwenye hatifungani za serikali na kidogo UTT. Nimepiga hesabu kwenye Excel kwa faida ya asilimia 12 inaonesha nikifika 48 nitakuwa nimevuka milioni 450, yaani mara 25 ya matumizi yangu ya mwaka, naacha kazi. Naogopa vitu vitatu: faida ikishuka, bei zikipanda sana, na nikifukuzwa kazi katikati. Naujaribuje huu mpango bila kuwa mtaalamu wa mahesabu?"*

Dada yangu, hesabu yako nimeirudia na kwa jinsi ulivyoiweka iko sawa kabisa, mwaka wa 13 inatoka milioni 477. Shida ni kwamba hizo ni shilingi za miaka 13 ijayo wakati ile mara 25 umeipiga kwa matumizi ya leo. Bei zikipanda asilimia 5 tu kwa mwaka, maisha yako ya milioni 18 kwa mwaka yatakuwa yanakula karibu milioni 34 ukiwa na 48, na hizo milioni 477 zitanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa na milioni 253. Kwa hiyo hata kabla hatujaanza kuupima kwa mabaya, mpango wenyewe umeshapungukiwa karibu nusu, na hili ndo kosa ninaloliona kwenye mipango mingi ninayoletewa, mtu anaogopa kufukuzwa kazi kumbe ameshapoteza miaka mitano kwenye seli moja ya Excel.

Kwa hiyo cha kwanza, hesabu zote fanya kwa shilingi za leo. Fungua shiti mpya, kila mstari uwe mwaka mmoja, alafu weka kolamu hizi: A mwaka, B umri, C hela ya mwanzo wa mwaka, D faida, E mfumuko wa bei, F faida halisi, G unachoweka, H unachotoa, I hela ya mwisho wa mwaka. Andika kwa milioni ili usizame kwenye masifuri. Mstari wa 1 ni vichwa vya habari, mstari wa 2 ni mwaka wako wa kwanza ambao C2 unaandika 40, G2 unaandika 10.8 na H2 unaandika 0. D na E kila mara andika na alama ya asilimia, yaani 12% sio 12. Fomula ni tatu tu:

```
F2: =(1+D2)/(1+E2)-1
I2: =(C2-H2)*(1+F2)+G2
C3: =I2
```

Ukimaliza buruta mpaka chini, mistari kama 55 hivi ifike umri wa miaka 90. Angalia hapo kwenye F sijatoa 12 kasoro 5 nikapata 7, nimegawanya, inatoka 6.67. Kwa bei za kawaida tofauti ni ndogo ila mfumuko ukifika 15 au 20 kutoa kwa kichwa kunakudanganya. Na kwa sababu kila kitu kiko kwa shilingi za leo, matumizi yako yanabaki 18 mstari hadi mstari, usiyapandishe tena kila mwaka, ukiyapandisha utakuwa umeuhesabu mfumuko mara mbili na mpango utaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Kabla ya kuamini chochote ijaribu shiti yenyewe. Weka D na E zilingane, zote asilimia 5, F itakuwa sifuri na hela yako inatakiwa iongezeke 10.8 kila mwaka bila nukta kuzidi, yaani mwisho wa mwaka wa 10 usome 148 kamili. Isiposoma hivyo kuna fomula umeiburuta vibaya, mara nyingi ni C3 kuelekea chini.

Sasa weka D 12 na E 5 mistari yote. Mwisho wa mwaka wa 17 utaona milioni 443, wa 18 utaona 483. Kwa hiyo hali ya kawaida, isiyo na balaa lolote, inakufikisha 450 ukiwa na miaka 53, sio 48. Tena hapo kuna dhana nimeificha na lazima uijue: G ikikaa 10.8 kwa shilingi za leo maana yake mshahara wako unapanda kila mwaka sawasawa na bei. Wewe uko sekta binafsi, jiulize kama kweli unapandishiwa. Mshahara ukigandia 2,400,000 na bei zikapanda asilimia 5 kila mwaka, ndani ya miaka kama tisa na nusu matumizi yako yatakuwa yameufikia mshahara wote na hamna cha kuweka tena. Hakuna bondi inayoweza kukuokoa na hilo, hapo ni kuomba nyongeza au kubadilisha ajira.

Shiti hii ya kawaida usiiguse tena. Tengeneza nakala nne, kila nakala jaribio moja, uzipe majina ili usichanganye.

Nakala ya kwanza, faida ndogo. Watu wa hatifungani huwa wanajiona wako salama kwa sababu kuponi, yaani riba ya bondi, imeandikwa na serikali inalipa kila miezi sita, na ni kweli ile bondi uliyoishika kuponi yake haibadiliki. Ila wewe bado unaweka 900,000 kila mwezi na kuponi zenyewe unazirudisha ndani, hizo hela mpya zinaingia kwa bei ya siku hiyo. Mwaka 2022 Benki Kuu ilipotoa viwango vipya, kuponi ya bondi ya miaka 25 ilishuka kutoka 15.95 mpaka 12.56, aliyekuwa amepanga maisha yake yote kwa karibu 16 ilibidi akae chini apige upya. Kwa hiyo weka D asilimia 9 kila mstari, E iache 5. Faida halisi inashuka kutoka 6.67 mpaka 3.81 na ukicheki mwaka wa 18, pale ulipotegemea kuwa na 483, utakuta 351. Milioni 450 unaifikia mwaka wa 22, una miaka 57. Asilimia tatu za faida zimekula miaka minne.

Nakala ya pili ndo ninayotaka ukae nayo muda mrefu, bei kupanda sana. Hapa usiweke namba ya kubuni, tumia yaliyowahi kutokea hapahapa kwetu. Wastani wa mfumuko wa bei Tanzania mwaka 2011 ulikuwa karibu asilimia 13, 2012 ukawa 16, 2013 ukashuka karibu 8, na Desemba 2011 peke yake ilisoma 19.8. Wengi tumesahau kwa sababu miaka ya karibuni tumezoea 3 na 4, na waliokuwa watu wazima miaka ya themanini wanakumbuka mfumuko uliopita 30. Hiyo miaka mitatu ya 13, 16 na 8 inatosha kwa jaribio letu, kwa sababu kuponi yako ya 12 haipandi bei zikipanda: mwaka wa kwanza faida halisi inakuwa hasi karibu 0.9, wa pili hasi 3.4, wa tatu chanya 3.7.

Tuijaribu kwa mpango wako wa mwanzo ili uone kwa nini nakukazia. Tuseme umeacha kazi ukiwa na 48 na mfukoni zile 253 za leo. Kwenye shiti ya nakala hii anza mstari mmoja C ikiwa 253, G sifuri, H 18, D 12, E 5. Bila balaa lolote hela inakwisha ukiwa na miaka 80, mtu anaweza kusema sio mbaya. Sasa miaka mitatu ya kwanza badilisha E iwe 13, 16, 8 alafu inayofuata yote irudi 5. Mwisho wa mwaka wa tatu umebaki na 197, na ukifika miaka 68 hela haitoshi kulipa mwaka. Yaani miaka mitatu tu ya bei mbaya, miaka 17 iliyofuata yote ni mizuri, na bado umepoteza miaka 12 ya maisha.

Alafu fanya hivi: rudisha hiyo miaka mitatu kwenye 5, na zile 13, 16, 8 zihamishie mwaka wa 11, 12 na 13 baada ya kuacha kazi. Balaa ni lilelile, namba ni zilezile, ila sasa hela inafika mpaka miaka 74. Mabaya yakija mapema yanakukuta una safari ndefu mbele na unachota kila mwaka kutoka kwenye mtaji uliopungua, hela uliyoila mwaka wa pili haipo tena kupata faida mwaka wa tano. Ndo maana wastani wa faida haukuambii kitu ukishaacha kazi, miaka mitano ya kwanza inaamua karibu yote, na ndo maana nakuambia uandike faida na mfumuko mstari kwa mstari badala ya kuweka seli moja juu inayotawala shiti nzima.

Hapohapo niseme kuhusu hiyo mara 25. Inatokana na Mmarekani William Bengen mwaka 1994, alichukua historia ya hisa na hatifungani za Marekani akaona mtu akianza kwa kutoa asilimia 4 alafu akapandisha kufuata bei, hela ilikuwa inafika miaka 30. Wewe huna hisa za Marekani, una hatifungani za shilingi, na ukiacha na 48 unahitaji zaidi ya miaka 30. Simaanishi uitupe. Ukiijaribu kwenye shiti yako ukianza na 450 kamili ukiwa na 53, ukapiga ile miaka mitatu mibaya mwanzoni na baada ya hapo faida ibaki 9 badala ya 12, bado unavuka miaka 90 na chenji. Kwa hiyo mara 25 kwa shilingi za leo inasimama kwa majaribio haya, ya shilingi za baadae ndo imeanguka.

Nakala ya tatu, kazi imekatika. Rudi kwenye hali ya kawaida ya 12 na 5, tuseme una miaka 41, mwisho wa mwaka wa 6 una milioni 135.5. Mwaka wa 7 hamna kazi mwaka mzima: G andika 0, H andika 18. Mwaka unaisha una 125. Watu hapa huweka na kiinua mgongo kama vile ni mlima, ila sheria yetu ya ajira ya 2004 inakupa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, isizidi miaka 10, kwa hiyo miaka 6 ya kazi ni siku 42. Ni mwezi mmoja na kitu. Mimi kwenye jaribio siihesabu kabisa, ikija ni nyongeza.

Mwaka wa 8 umepata kazi kwa mshahara uleule, G irudi 10.8. Unafikia 450 mwaka wa 19, una 54. Umechelewa mwaka mmoja na nusu tu hivi ukilinganisha na hali ya kawaida! Sasa badilisha kitu kimoja, kazi mpya inalipa pungufu kwa asilimia 20, yaani 1,920,000. Matumizi yako hayajashuka, kwa hiyo unachoweka sio 10.8 tena ni 5.04 kwa mwaka, chini ya nusu. Buruta uone: mwaka wa 22, miaka 57. Mwaka wa kukaa nyumbani ulikugharimu kidogo, mshahara mdogo uliokuja baadae ndo umekugharimu miaka mitatu zaidi. Nilipopoteza kazi mimi nilikaa miezi 11, na kwa woga nikaikubali ya kwanza iliyokuja, nikadhani nimepona kumbe ndo nilikuwa naanza kulipa. Ningekuwa na akiba ya kunivusha miezi minne zaidi ningesubiri.

Na hili linatupeleka kwenye kitu ambacho Excel haikioni. Shiti inadhani hizo milioni 18 za mwaka wa 7 unazichota tu. Hatifungani huchoti, unauza sokoni kupitia dalali, na kama wakati huo viwango vimepanda bei yako inashuka. Chukua bondi ya 12.56 iliyobaki na miaka 23, soko likiwa linataka 15.5, kila 100 yako utauza kwa kama 82. Kwa hiyo ukiuza milioni 18 za bondi utaondoka na chini ya 15, na njaa haisubiri soko litulie. Ukitaka kuliweka hilo kwenye jaribio, H ya mwaka wa 7 andika 22 badala ya 18. Ushauri wangu hapa hauna mjadala: milioni 9 mpaka 12, yaani miezi sita mpaka nane ya matumizi, toa kwenye bondi kila kuponi inapoingia upeleke kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT ambako unapata hela yako ndani ya siku chache za kazi bila kuuza kwa hasara. Faida yake ni ndogo kidogo kuliko bondi ndefu, kubali tu.

Nakala ya nne, faida ndogo na kazi kukatika kwa pamoja. Wengi wanaikwepa kwa kusema haiwezekani vyote vitokee, ila uchumi ukiyumba kampuni zinapunguza watu na faida inaweza kushuka msimu huohuo, sio mikosi inayokuja mmoja mmoja kwa zamu. Weka faida 9 miaka yote, E ibaki 5, mwaka wa 7 bila kazi, kisha mshahara pungufu kwa asilimia 20. Hapo 450 inafika mwaka wa 31, una miaka 66, umeshapita umri wa kustaafu kwa lazima wa NSSF ambao ni 60.

Usifunge laptop hapo. Kwenye hiyohiyo nakala mbaya kuliko zote punguza matumizi kutoka 1,500,000 mpaka 1,300,000 kuanzia leo. Laki mbili kwa mwezi. Unachoweka kinapanda mpaka 13.2 kabla ya balaa na 7.44 baada yake, unachotoa mwaka wa 7 ni 15.6, na lengo lenyewe linashuka kutoka 450 mpaka 390 kwa sababu ni mara 25 ya kidogo. Ukiwa na miaka 58 shiti inasoma 389.5, umefika kasoro nusu milioni. Miaka minane, kwa laki mbili. Nimejaribu kwenye shiti hii kupandisha faida, kuongeza miaka, kubadilisha kila kitu, seli ya matumizi ni kati ya zenye nguvu zaidi kwa sababu inavuta kamba pande mbili kwa wakati mmoja. Na ni seli pekee kati ya hizo ambayo iko mikononi mwako, faida na mfumuko havikuulizi.

Kwa hiyo kwa namba ulizonipa, 48 ifute. Andika 53 kama hali ya kawaida, na ukibana laki mbili, 58 kama faida na kazi vyote vikiharibika. Siku utakapotaka kuandika barua ya kuacha kazi gawanya matumizi ya mwaka huo kwa hela uliyonayo siku hiyo: ikiwa asilimia 4 au chini andika barua, ikiwa 5 subiri, na ikiwa 7 kama ilivyokuwa kwenye mpango wa kwanza rudi mezani kwako. Baada ya kuacha, kila Januari gawanya tena, na mwaka ambao imevuka 5 punguza matumizi mwaka huohuo, usisubiri miaka mitatu mibaya iishe. NSSF nimeiacha nje makusudi, ukifika 55 au 60 ikaanza kulipa utaipunguza kwenye H ya mistari hiyo, ila majaribio yote yapite kwanza bila hiyo.

Kuna kitu hukuniambia na kinaweza kubadilisha haya yote: hiyo 1,500,000 ina kodi ya nyumba na ada za watoto ndani? Kama zimo, H haitakiwi kuwa 18 miaka yote, ada zina mwaka zinapokwisha, na kama umepanga kujenga kuna mwaka kodi inakufa ila kabla yake kuna milioni kadhaa zitatoka kwa mkupuo. Niandikie ni kiasi gani na mwaka gani, maana ujenzi ukiangukia mwaka uleule wa 7 zile namba za nakala ya tatu zote zinabadilika.